Chati ya lesi: visanduku vitupu, na vitanzi vinavyozidi pembeni

*Shikamoo fundi. Niko Moshi, nafuma shali la lesi la mtoto kwa chati niliyoprintiwa steshenari. Chati ina visanduku 17 kwa upana, na vinane vya katikati vimezungushiwa mstari mzito. Visanduku vitupu ni vingi na ufunguo umekatika kwenye karatasi: vitupu nafuma au naviruka? Halafu pembeni kulia kuna kimstari kilichoinama na kushoto kingine. Nilidhani ni urembo wa ukingo, nikafuma kitanzi kimoja kimoja. Nilianza na vitanzi 65, baada ya mstari wa 5 ninavyo 71. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Vile vimstari viwili vya pembeni ndivyo vilivyokuletea vitanzi sita vya ziada, na nitakuonyesha vimepitia wapi. Ila tuanze na visanduku vitupu, kwa sababu huwezi kuhesabu mstari hata mmoja kabla hujajua kitupu kinakudai nini.

Kwenye chati nyingi za lesi, kisanduku kitupu ni kitanzi kamili kinachofumwa bila urembo wowote. Chati huchora kitambaa kinavyoonekana kwa mbele. Kwa hiyo kitupu kinasema: hapa, ukitazama kwa mbele, paonekane kitanzi laini chenye umbo la V. Ukiwa upande wa mbele unakifuma kawaida. Ukiwa upande wa nyuma unakifuma kinyume, yaani uzi ukiwa mbele ya sindano na kinundu kikikuangalia wewe, ili kwa mbele kibaki laini. Kisanduku ni kilekile na matokeo ni yaleyale, mkono tu ndio unaobadilika.

Kipo kisanduku kingine kinachofanana nacho ambacho kweli kinarukwa. Karatasi ya visanduku ina upana uleule kuanzia chini hadi juu, lakini idadi ya vitanzi katika baadhi ya lesi hupanda na kushuka mstari hadi mstari. Mchoraji akifika kwenye mstari wenye vitanzi pungufu, hujaza pengo kwa visanduku vya kijivu, ambavyo maana yake ni kwamba hapo hakuna kitanzi. Macho yanaruka hadi kisanduku kinachofuata na sindano haifanyi chochote. Usihamishe kitanzi wala usizungushe uzi.

Hapo ndipo karatasi za steshenari huponza watu. Mashine yenye wino hafifu, au fotokopi ya fotokopi, hufuta kijivu kikawa cheupe. Kisanduku kisicho na kitanzi kinageuka kuwa kitupu cha kufumwa, na mfumaji anatafuta kitanzi ambacho hakikuwahi kuwapo. Na wewe ufunguo wako umekatika, hivyo huna pa kuuliza. Bahati nzuri chati yenyewe inaweza kukujibu kwa hesabu ndogo.

Katika kila mstari, hesabu matundu, yaani zile alama za mduara ambapo unazungusha uzi mara moja juu ya sindano ya kulia. Kila tundu linaongeza kitanzi kimoja. Kisha hesabu vitanzi vinavyopotea: alama ya kufuma viwili pamoja inapoteza kimoja, alama ya kufuma vitatu pamoja inapoteza viwili. Kama kila mstari unaongeza sawa na unavyopoteza, idadi ya vitanzi haibadiliki, na chati ya namna hiyo haina haja ya visanduku vya kijivu. Vitupu vyote ni vya kufumwa. Ukikuta mstari unaopoteza vitanzi viwili bila tundu hata moja, na bado una visanduku vingi sawa na mstari wa chini yake, basi viwili kati ya vile vyeupe vilikuwa vya kijivu kabla ya kuprintiwa.

Jambo moja la kuangalia siku ukipata chati kutoka Japani: kule kitanzi cha kawaida huchorwa kwa kimstari kilichosimama na cha kinyume kwa kimstari kilicholala, na ufunguo ndio unaosema kitupu kinawakilisha kipi kati ya hivyo viwili. Chati za aina hiyo usizianze bila ufunguo.

Sasa chati yako. Kwa maelezo uliyotoa na kwa vitanzi 65, inalingana na mpangilio huu unaojulikana sana wa vilima vinavyopishana. Nimeweka kistari cha chini mahali pa kisanduku kitupu ili usipoteze hesabu. O ni tundu, na ^ ni vitatu kuwa kimoja. Mistari miwili iliyosimama ni ule mpaka mzito.

```
_ _ _ O ^ O _ _ | _ _ _ O ^ O _ _ | _  11
_ _ O _ ^ _ O _ | _ _ O _ ^ _ O _ | _   9
_ O _ _ ^ _ _ O | _ O _ _ ^ _ _ O | _   7
/ O _ _ _ _ _ O | ^ O _ _ _ _ _ O | \   5
/ _ O _ _ _ O _ | ^ _ O _ _ _ O _ | \   3
/ _ _ O _ O _ _ | ^ _ _ O _ O _ _ | \   1
```

Linganisha na karatasi yako kisanduku kwa kisanduku kabla ya kuendelea. Kikitofautiana kisanduku kimoja au viwili, fuata karatasi yako. Maelezo ya pembeni yatabaki yaleyale.

Inasomwa kuanzia chini, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu ndivyo vitanzi vinavyokujia kwenye sindano ya kushoto. Namba zinaruka: 1, 3, 5. Mistari ya 2, 4 na 6 haikuchorwa kwa kuwa yote ni ya kurudi upande wa nyuma, na hapo unafuma kila kitanzi kinyume, pamoja na yale matundu. Mstari usiochorwa bado unafumwa. Anayeusahau hupata matundu yaliyosongamana, na kilima kinachotakiwa kuwa na urefu kinabaki nusu yake.

Ule mpaka mzito unagawa chati kama kanga inavyogawanyika kuwa pindo na mji. Kisanduku kimoja cha kulia ni pindo, unakifuma mara moja tu mwanzoni mwa mstari. Vinane vya katikati ni mji, unavirudia. Vinane vya kushoto ni pindo la upande wa pili, unavifuma mara moja mwishoni. Kwa vitanzi 65 unatoa kimoja cha kulia na vinane vya kushoto, vinabaki 56, yaani mji unarudiwa mara 7.

Fuma mstari wa 1 nami kwa hesabu. Alama ya kwanza kulia, \, inachukua vitanzi viwili na kuacha kimoja. Halafu mji: fuma viwili, tundu, fuma kimoja, tundu, fuma viwili, kisha ^ inayokula vitatu na kuacha kimoja. Hapo umetumia vitanzi vinane na umepata vinane. Rudia mara 7. Mwishoni: fuma viwili, tundu, fuma kimoja, tundu, fuma viwili, na alama / inayochukua viwili vya mwisho. Ukijumlisha vilivyoliwa, 2 na 56 na 7, ni 65. Matundu yote ni 16. Vitanzi vilivyopotea ni 14 kwenye zile ^ saba, pamoja na kimoja kila upande, jumla 16. Mizani imekaa sawa.

Ona sasa kilichokupata. Ulipofuma kitanzi kimoja mahali pa \ na kimoja mahali pa /, ulitumia vitanzi 63 tu. Viwili vikabaki mwishoni bila alama, nadhani ukavifuma tu ili umalize mstari. Ukawa na 67. Mstari wa 3 ukatumia tena 63, vikabaki vinne, jumla 69. Mstari wa 5 vikabaki sita, na ndio hao 71. Angalia kazi yako: vitanzi vya ziada vimelundikana upande wa kushoto, ilhali kosa la kwanza la kila mstari lilifanyika kulia.

Kuna dalili ya pili iliyo muhimu kuliko idadi. Chini ya kila ^ panatakiwa kuwe na uti wa kitanzi kimoja unaopanda wima, mstari wa 3 juu ya wa 1, wa 5 juu ya wa 3. Kwa kuwa pembeni kulia hukuchukua kitanzi cha pili, kila kilichofuata kilisogea kwa kitanzi kimoja. ^ ya kwanza ilitakiwa kukamata vitanzi vya 8, 9 na 10 kutoka kulia, cha 9 kikiwa uti. Wewe ulikamata vya 7, 8 na 9. Kwa hiyo utaona uti umekatikakatika badala ya kupanda moja kwa moja. Ndiyo maana sikushauri upunguze vitanzi sita pembeni ili urudi 65. Idadi itakaa sawa, lakini matundu yatabaki nje ya mahali pake. Fumua hadi mwanzo. Ni mistari michache, na kwenye lesi ni rahisi kuliko kushona kiraka.

Sasa kwa nini katikati alama inakula vitatu na pembeni viwili tu. Tazama ^ iliyo kati ya vilima viwili. Kulia kwake kuna tundu la kilima kimoja, kushoto kwake kuna tundu la kilima cha pili. Matundu hayo mawili yameongeza vitanzi viwili, na ^ inavilipa vyote kwa pamoja. Ukifika ukingoni mwa kitambaa, kuna kilima upande mmoja tu. Upande wa pili kitambaa kimeisha. Deni ni la tundu moja, basi inapotea kitanzi kimoja. Alama ya pembeni ni nusu ya ile ya katikati, imekatwa pale kitambaa kilipokatwa. Uti wenyewe upo, ni kile kitanzi cha mwisho kabisa cha ukingo.

Hilo pia ndilo linaloamua mwelekeo. Katika ^ iliyofumwa vizuri, kitanzi cha katikati hulala juu na vya pembeni hujificha chini yake. Ukikata picha hiyo nusu, kitanzi cha ukingo lazima kibaki juu. Kulia, cha ukingo ni cha kwanza kukujia, kwa hiyo unahitaji upunguzaji unaoacha kitanzi cha kwanza juu, ukiinamia kushoto: hamisha kitanzi kimoja kwenda sindano ya kulia kana kwamba unakifuma kawaida, hamisha cha pili vivyo hivyo kimojakimoja, kisha ingiza ncha ya sindano ya kushoto mbele ya vyote viwili na uvifume pamoja. Hiyo ndiyo \. Kushoto, cha ukingo ni cha mwisho, kwa hiyo unaingiza sindano ya kulia kwenye vitanzi viwili kwa mpigo, ukianza na cha mbali, na kuvifuma pamoja kawaida. Cha mbali hubaki juu, kikiinamia kulia. Hiyo ndiyo /. Ukizibadilisha, hesabu itabaki 65 na hutashtuka, lakini kitanzi cha ukingo kitazama chini ya jirani yake kila mara, na ukingo utaonekana umetafunwa.

Kwa ^ yenyewe, ingiza sindano ya kulia kwenye vitanzi viwili kwa pamoja kana kwamba unavifuma pamoja, lakini uvihamishe tu bila kufuma. Fuma cha tatu. Kisha vipitishe vile viwili juu ya hicho ulichofuma na uviachie. Kuvihamisha kwa pamoja ndiko kunakokiweka cha katikati juu. Ukivihamisha kimojakimoja, uti utalala upande na pembe zako, yaani zile alama nusu za ukingoni, hazitafanana na katikati.

Kuna mtego mmoja kuhusu pembe hizi ambao hesabu ya vitanzi haiukamati kabisa, na naomba uuangalie kwa makini utakapoanza upya. Mfumaji anayejua kwamba pembeni panapunguzwa, lakini akaweka ^ kulia badala ya \, atakula vitatu mwanzoni. Mwisho wa mstari atabaki na kitanzi kimoja tu mahali pa viwili, atakifuma, na akihesabu atapata 65 kamili. Lakini kila uti umesogea kitanzi kimoja kushoto. Kwa hiyo usitosheke na jumla. Kila ufikapo ^ katika mistari ya 3 na 5, tazama kitanzi cha katikati kati ya vile vitatu: chini yake lazima pawe na ^ ya mstari uliotangulia. Kama hapana, simama hapohapo na urudi nyuma.

Ukipanda hadi mstari wa 7, pembe zinageuka kuwa visanduku vitupu. Vilima vimehama nusu hatua, na ^ sasa ziko ndani kabisa ya mji na ya pindo la kushoto, kila moja na matundu yake mawili. Kitanzi cha pembeni hakidaiwi kitu, kinafumwa kawaida. ^ ni nane, matundu ni 16, vinavyopotea ni 16. Watu wengi wakishazoea kupunguza pembeni katika mistari mitatu ya kwanza huendelea kupunguza hapa pia, na kazi inaanza kusinyaa kwa vitanzi viwili kila mstari wa mbele. Safu ya pembeni isome upya kila mstari, usiifume kwa mazoea.

Vipete vya alama vitakusaidia, au vipande vya uzi wa rangi nyingine vilivyofungwa duara. Weka cha kwanza baada ya kitanzi cha 9, kisha kila baada ya vitanzi 8, jumla saba. Sehemu ya kwanza itakuwa na vitanzi 9, nyingine zote 8 kila moja. Hesabu hizi ukiwa unarudi kwenye mstari wa nyuma, na kosa litajulikana liko ndani ya kilima gani. Sehemu ikiwa na 7, mara nyingi tundu limeanguka: tafuta uzi uliolala mlalo kati ya vitanzi viwili, uuinue kwa sindano na uufume kama kitanzi.

Lakini vipete hivyo vitakukwaza katika mistari ya 1, 3 na 5, na si kosa lako. ^ inachukua vitanzi viwili vya mwisho vya sehemu moja, cha pili kikiwa uti, pamoja na kitanzi cha kwanza cha sehemu inayofuata, hivyo kipete kinakaa katikati ya vitanzi vitatu unavyotaka kuunganisha. Kitoe, tengeneza ^, kisha kirudishe upande wa kushoto wa kitanzi ulichopata. Asiyetaka kukitoa huishia kukamata vitanzi vitatu vilivyo kabla ya kipete, na uti unahama tena. Kuanzia mstari wa 7 hadi 11 vipete havisumbui.

Kabla ya kurudi kwenye 65, anza na vitanzi 17 kwa uzi mnene unaouona vizuri: kulia kimoja, mji mara moja, kushoto vinane. Fuma mistari 12. Pale katika mistari ya 1, 3 na 5 pana ^ moja tu katikati na pembe mbili, na makosa yote niliyotaja yanaonekana kwa jicho. Ukirudi kwenye shali lenyewe, kila umalizapo mstari wa 6 na wa 12 pitisha uzi mwembamba laini kwa sindano butu kwenye vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, ukipita nje ya vipete, na uuache humo. Ukikosea juu yake, unachomoa sindano, unafumua hadi kwenye uzi huo, na vitanzi vyote vinakusubiri vikiwa wazi.

Na kama unataka ukingo mnene ili shali lisijikunje, ongeza vitanzi vinne kila upande, jumla 73, uvifume kawaida mbele na nyuma. Hivyo havimo kwenye chati. Alama \ inaanza baada ya vinne vya kulia, na / inamalizika kabla ya vinne vya kushoto. Weka kipete cha rangi tofauti kwenye mipaka hiyo miwili. Vya mipaka havitolewi hata mara moja, kwa sababu alama za pembe hazivuki nje ya chati.